Mstari wa wino: jinsi ninavyofuatilia hisa zangu kwa rula na karatasi ya grafu

Kwenye simu, mstari wa mwelekeo, yaani ule unaoonyesha bei inakoelekea, unachorwa kwa kidole na kusogezwa kwa kidole hicho hicho. Bei ikiutoboa, unauvuta chini kidogo, na mshumaa uliotoboa, yaani alama ya bei ya kipindi kimoja kwenye chati, unageuka kuwa "umegusa tu". Nimewaona vijana wa foreksi pale Sinza wakifanya hivyo mezani, bila nia mbaya. Mwisho wa wiki kila mstari wao ni sahihi, maana kila mmoja umechorwa upya baada ya jibu kujulikana.

Mimi nina hisa za benki moja iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na nilitaka kujua wakati wa kupunguza bila kujidanganya. Kwa hiyo niliacha kuchora kwenye simu. Taarifa ya soko hutoka kila siku ya kazi. Nachukua bei ya kufungia ya Ijumaa peke yake na kuitia nukta kwenye karatasi ya grafu, ile ya milimita ya wanafunzi. Wiki moja ni milimita mbili kwenda kulia, shilingi mbili ni milimita moja kwenda juu. Nachagua wiki badala ya siku kwa sababu soko letu lina siku ambazo hisa fulani haiuzwi kabisa, na siku nyingine bei inasogezwa na mtu mmoja anayeuza hisa zake apate kodi ya miezi sita. Ijumaa haiondoi tatizo hilo lote, ila inalipunguza sana.

Kanuni ya kuchora niliiandika pembeni ya karatasi kabla ya kuweka nukta ya kwanza. Mstari wa kupanda unaanzia kwenye bonde la chini kabisa, kisha unapita kwenye bonde linalofuata, na bonde hilo la pili halihesabiki mpaka bei ipande na kukipita kilele kilicho katikati ya mabonde hayo mawili. Kabla ya hapo, sijui kama ni bonde au ni kituo cha kupumzikia bei inaposhuka. Halafu mstari usikate nukta yoyote iliyo kati. Na kwa kuwa nimechagua bei za kufungia, siruhusiwi kesho kukumbuka kwamba katikati ya wiki bei ilishuka zaidi na kuitumia hiyo kwa sababu inanifaa.

Hisa yenyewe ilikwenda hivi. Wiki ya 4 ilifunga shilingi 400, chini kuliko zote. Ikapanda hadi 470 wiki ya 9, ikarudi hadi 440 wiki ya 14. Sikuchora kitu. Ilipofunga juu ya 470 ndipo nilipounganisha 400 na 440 kwa penseli. Ni shilingi 40 kwa wiki 10, yaani mstari unapanda shilingi 4 kila wiki. Kwa vipimo vyangu hiyo ni milimita mbili kulia, mbili juu, digrii 45 kamili. Kuna watu wanaoiheshimu sana pembe hiyo, wakisema ndiyo mwendo wenye afya. Pembe inatokana na vipimo nilivyochagua mimi. Ningetumia milimita tatu kwa wiki, hisa ile ile ingeonekana mvivu.

Mstari wa nukta mbili ni dhana tu, kwa sababu nukta mbili zozote duniani zinaungana. Uthibitisho ulikuja wiki ya 24, mstari ulipokuwa 480 na bei ikafunga 482, kisha ikageuka kwenda juu. Hapo ndipo nilipopitisha wino.

Wazo la wino nililipata kwa jirani yangu wa Tabata, mzee aliyestaafu kazi ya kuchora ramani. Nilimpelekea karatasi anionyeshe jinsi ya kupata mstari sambamba bila kukisia. Alichukua rula na ile pembetatu ya hesabu, akaegemeza pembetatu kwenye rula, akabana rula kwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto na kuitelezesha pembetatu mpaka ukingo wake ukafika kwenye nukta ya wiki ya 9. Rula haikutikisika hata unywele.

"Unabana rula, pembetatu ndiyo inatembea," alisema. "Na ukishapitisha wino, mwanangu, andika tarehe. Ramani isiyo na tarehe inaweza kudai chochote."

"Nimekuelewa, mzee. Na nikiona nimekosea?"

"Unachora nyingine. Ile ya kwanza inabaki."

Mstari huo wa pili ndio dari ya chaneli, yaani njia ya bei kati ya mistari miwili sambamba; ule wa kwanza ndio sakafu. Wiki ya 9 sakafu ilikuwa 420 na bei 470, kwa hiyo upana ni shilingi 50. Dari inapita kwenye kilele kimoja tu na mteremko wake unatoka kwenye sakafu. Sikuuzungusha ili ukae vizuri juu ya vilele vilivyofuata. Ndiyo maana vilipofika karibu vilikuwa na maana. Wiki ya 19 dari ilikuwa 510, bei ikafika 508. Wiki ya 28 dari ilikuwa 546, bei ikafika 544. Wiki ya 31 bei ilishuka hadi 510, sakafu ikiwa 508, ikageuka tena. Ningechora dari inayogusa kila kilele, nisingejifunza chochote kilipokuja kilele cha wiki ya 35: dari 574, bei 556, shilingi 18 pungufu. Bei iliyokuwa ikivuka chaneli yote mara hii iliishia njiani. Kwangu hilo lilikuwa onyo la kwanza, na lilikuja wakati bei ikiwa bado ya juu kabisa kwenye karatasi yote. Onyo peke yake si sababu ya kuuza, lakini lilinifanya nitazame sakafu kwa makini.

Wiki ya 38 sakafu ilikuwa 536. Bei ikafunga 515.

Kuna kuvunjika kwa kuchungulia na kuna kuvunjika kwa dhahiri, na tofauti yake lazima iwekwe kabla. Mimi natumia kipimo cha zamani cha wachora chati, asilimia 3 ya bei ya mstari, kwa kufungia. Asilimia 3 ya 536 ni kama shilingi 16; bei ilikuwa 21 chini. Hata hivyo kwa hisa zetu kuna maswali mawili kabla ya kukubali. La kwanza ni gawio. Daftari la wanahisa likikaribia kufungwa, hisa huanza kuuzwa bila haki ya gawio, na bei hushuka kwa kiasi kinachokaribiana na gawio lenyewe. Lingekuwa gawio la shilingi 20 na lingetoka wiki hiyo, ningelirudisha: 515 na 20 ni 535, shilingi moja tu chini ya mstari. Mstari usingekuwa umevunjika, ila fedha ingekuwa imehama kutoka kwenye bei kwenda mfukoni kwa mwanahisa. Safari hii daftari lilikuwa limefungwa muda mrefu nyuma.

Swali la pili ni nani aliyeisogeza bei. Nilitazama idadi ya hisa zilizouzwa wiki nzima. Ilikuwa kubwa kuliko wiki za kawaida, na ilitawanyika siku tofauti, si muamala mmoja. Mstari ukivunjwa kwenda juu, nadai idadi iongezeke. Bila wanunuzi wengi bei haipandi mbali. Ukivunjwa kwenda chini sidai sana, kwa sababu bei inaweza kushuka kwa uzito wake tu, wanunuzi wakikaa pembeni. Ninachotaka kujua ni kwamba hakuuza mtu mmoja mwenye haraka.

Sasa, kuvunjika huko kulimaanisha nini? Hapa ndipo wengi wanaruka hatua. Mstari ule ulikuwa unasema jambo moja: bei inapanda shilingi 4 kwa wiki au karibu na hapo. Ulipovunjika, jambo hilo lilikoma kuwa kweli. Kwamba hisa imeanza kuporomoka ni dai jingine, na linahitaji ushahidi wake. Ushahidi huo ni bonde la mwisho, lile la 510 la wiki ya 31. Bei ilifunga 515. Yaani mstari umevunjika kwa dhahiri, huku mlolongo wa mabonde yanayopanda ukiwa haujavunjika bado. Hali hiyo hutokea kila mara bei inapopunguza mwendo: mstari unaendelea kupanda kwa kanuni yake, na hata hisa ikisimama tu bila kushuka, mstari utaipita siku moja.

Nimeulizwa pia kama karatasi ya vipimo vya asilimia, ambayo umbali sawa kwenda juu ni asilimia sawa, ingetoa jibu tofauti. Ingetoa. Kutoka 400 hadi 440 ni asilimia 10 kwa wiki 10, na mstari unaopanda kwa asilimia hiyo ungekuwa kama 517 wiki ya 31, juu ya ile 510. Ungekuwa umetobolewa mapema, ingawa kwa chini ya asilimia 3. Kwa hisa iliyopanda maradufu au zaidi ningetumia karatasi ya asilimia bila kusita. Kwa hii nilianza na shilingi, nikamaliza na shilingi. Kubadili karatasi katikati ni sawa na kusogeza mstari.

Mpango wangu ulikuwa umeandikwa katika sehemu mbili kwa sababu ya tofauti hiyo. Mstari ukivunjika kwa dhahiri, nauza theluthi. Bei ikifunga asilimia 3 chini ya bonde la mwisho, yaani chini ya shilingi 495, nauza zilizobaki. Nilimpigia dalali wangu, nikaweka bei ya 512. Oda ilikaa kwenye foleni siku kadhaa ikisubiri wanunuzi, na hicho ni kikomo halisi cha ufundi huu hapa kwetu: chati inaweza kukuambia uuze Ijumaa, soko likakupa mnunuzi katikati ya wiki inayofuata. Mwenye hisa nyingi anapaswa kuingiza ucheleweshaji huo kwenye hesabu.

Baadaye bei ilirudi kuelekea mstari kwa chini, kama inavyofanya mara nyingi. Wiki ya 42 ilifika 532, mstari ukiwa tayari 552, ikakosa nguvu. Upana wa chaneli ukiushusha kutoka 536 unapata 486, na hicho ndicho kiwango ambacho wachora chati hukitaja baada ya chaneli kuvunjika. Bei haikufika. Wiki ya 46 ilifunga 498, chini ya bonde la 510 lakini juu ya 495, ikageuka.

Tangu hapo inazunguka kati ya 498 na 532. Theluthi mbili ya hisa zangu bado ninazo. Mstari wa zamani uko pale pale na wino wake, ukipanda peke yake juu ya bei, na chini yake nimechora miwili mipya ya kulala, kwa penseli, kwa sababu kila mmoja umeguswa mara mbili tu.