Mvua ya mapajani: nilivyowatuliza watoto 86 baada ya mapumziko

Darasa langu la kwanza lina watoto 86 na madawati 28. Hesabu hiyo inamaanisha karibu kila dawati linabanana watatu, na kiwiko cha mmoja kiko mbavuni mwa mwenzake. Kipindi cha kuandika kinafuata mara tu baada ya mapumziko ya uji. Kengele ikigongwa (kwetu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini), wanaingia kutoka kwenye rede, chandimu na kuruka kamba, wamejaa vumbi la Dodoma mpaka kwenye kope. Kipindi ni dakika 30. Mwaka wangu wa kwanza hapa, dakika 12 au 15 za hizo ziliishia kwenye "Kaeni! Nyamazeni! Wewe, geuka mbele!" Siku moja niliangalia saa makusudi, ndipo nikaona aibu.

Nilijaribu njia mbili kabla ya kupata iliyokubali. Kwanza niliwashindanisha kwa safu: safu itakayonyamaza mapema inapigiwa makofi. Safu iliyoshinda ilishangilia, zilizoshindwa zikalalamika kwamba imependelewa, tukarudi kulekule kwenye kelele. Kisha nikaleta mchezo wa kufuata amri, ule ambao anayekosea anatoka. Watoto waliotoka hawakuwa na kazi, wakajikusanya kando ya ubao wakachokozana. Katika mchezo huo, watundu ndio hutoka wa kwanza. Kwa hiyo nilikuwa nawatoa walewale niliowahitaji wakae.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa langu. Nilitaka watoke kwenye kukimbia waingie kwenye ukimya kwa hatua moja. Mtoto aliyekuwa akihema sasa hivi hawezi. Kila nilipopaza sauti, nao walipaza ili wasikilizane juu ya sauti yangu.

Mchezo uliokubali ni wa mvua. Wengi mmeucheza: mikono inatoa sauti ya mvua inayoanza kidogo kidogo mpaka inakuwa kubwa. Mimi niliugeuza, nikaanzia kwenye mvua kubwa, pale walipo wao, nikashuka nayo taratibu mpaka inakatika.

Mwanzoni mvua kubwa ilikuwa ya kukanyaga sakafu kwa miguu. Usijaribu. Sakafu yetu imebanduka, na miguu 172 ilipopiga kwa pamoja vumbi lilipanda, tukamaliza mvua kwa kukohoa. Nikahamishia mapajani. Wanaketi au wanasimama popote walipo, wanapiga mapaja kwa viganja viwili, haraka, kwa nguvu zao zote. Sizuii kelele hapo. Naiacha sekunde 10 hivi, nami napiga pamoja nao, mpaka midundo iliyokuwa shaghalabaghala inaanza kufanana. Hiyo ndiyo dalili ya kushuka. Ukishuka kabla haijafanana, nusu ya darasa inabaki kwenye mvua kubwa.

Kutoka mapajani tunapiga kiganja kwa vidole viwili. Kisha kidole kimoja, manyunyu hayo. Kisha tunasugua viganja tu, unabaki upepo. Kila ngazi nasema neno moja, na kila neno nalitamka chini kuliko lililotangulia, hadi "upepo" natamka kwa midomo bila sauti. Kuna mtoto mmoja kwangu asiyesikia vizuri sikio moja. Katika amri za mdomo alikuwa anachelewa na wenzake wanamcheka, lakini katika mvua anatazama mikono yangu na anashuka sambamba na wengine. Hilo sikulipanga, lilijitokeza lenyewe.

Mwisho ni "jua". Viganja vinalala juu ya dawati, na hapo tunasikia mabati yanavyolia kwa joto. Nikiyasikia mabati, najua tumefika.

Ila ukimya wa watoto wa miaka sita na saba haukai. Una kama pumzi tatu au nne, halafu mmoja atacheka. Wiki mbili za mwanzo niliupoteza kila siku kwa sababu nilikuwa nageuka kuandika ubaoni. Nikigeuka, darasa linageuka nalo. Sasa kazi inakuwa imeshaandikwa kabla kengele haijalia, na lazima iwe nyepesi: mstari mmoja wa silabi wanazozijua, ba be bi bo bu. Madaftari yanagawiwa kabla ya mapumziko, yanabaki mezani na penseli juu yake. Baada ya jua nanong'ona, "Udongo umelowa, tupande." Penseli ndiyo jembe. Kila silabi ni mbegu ya uwele au mtama, inapandwa kwenye mstari bila kuruka tuta. Hawa ni watoto wa wakulima, wanajua kwamba mvua ikikatika hakuna anayekaa. Mkono uliokuwa unacheza unaenda moja kwa moja kwenye penseli, na sijatamka "somo" hata mara moja. Kwa kawaida, tangu wa mwisho aingie mlangoni hadi waandike, tunatumia kama dakika nne.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyejifanya radi. Tukifika kwenye manyunyu, yeye "Kwaaa!", darasa zima chini kwa kicheko. Kumkemea kulimpa watazamaji. Nikampa kazi ya kupima mvua: anapita katikati ya madawati kwa kunyata, kiganja kimeelekea juu, anatafuta kama bado kuna tone. Akilikuta dawati linalotoa sauti analisimamia mpaka liishe, kisha ananiinulia kidole. Alitulia ajabu. Baada ya siku tatu nikagundua anainua kidole kwa kuchelewa makusudi. Nikimtazama anatikisa kichwa kwa huzuni: bado inanyesha, madam. Alikuwa anakula muda wa kuandika. Sasa kazi hiyo inazunguka, kila siku mtoto mwingine, na mpimaji anapita mara moja tu.

Mvua ina siku zake za kugoma. Wakivuruga ngazi, sipandishi sauti. Narudi ngazi moja juu, tunashuka tena. Narudia mara mbili tu. Ikishindikana mara ya pili, tatizo si kelele. Siku moja ya upepo mkali tulirudi mara mbili, na upande wa dirishani bado ulikuwa unachemka. Nilipowasogelea nikakuta wanne wamefura: goli la chandimu lilikataliwa, na mpira wa makaratasi ulikuwa umefichwa ndani ya shati la mmoja wao. Wengine nikawaacha wapande mbegu, hao wanne nikawatoa mlangoni. Nikauliza maswali mawili, nikauweka mpira juu ya kabati mpaka saa ya kwenda nyumbani. Siku nyingine ilikuwa kiu tupu, maana ndoo ya maji ilikuwa imekauka tangu asubuhi. Mtoto mwenye kiu humtulizi kwa mchezo.

Baada ya mwezi mmoja na nusu hivi mchezo ulianza kuchuja, wakawa wanapiga mapaja huku wanapiga soga. Sikuubadilisha wote. Nilibadilisha mvua tu: leo inatokea upande wa mlangoni, kesho inaanzia nyuma, inasogea dawati kwa dawati, na hakuna anayepiga kabla haijamfikia. Kusubiri zamu kukawarudisha macho.

Januari ilipofika, mvua yenyewe ilishuka juu ya mabati katikati ya manyunyu yetu. Hakuna aliyesikia kitu. Tulimaliza ngazi zote kwa mikono mitupu, mpaka kwenye jua ambalo halikuwepo. Mpimaji wa siku hiyo, binti mdogo wa dawati la mbele, alikwenda dirishani, akatoa mkono nje, akarudi umelowa mpaka kwenye kiwiko.

"Madam," akaniambia sikioni, "hii haikatiki."