Nilivyokwama kwenye ethanoli ya asilimia 95.6, na swali lililonitoa jasho

Siku niliyodhani nimeishinda azeotropu, yaani ule ukuta ambapo mchanganyiko hautengani tena hata ukiuchemsha na kuutonesha mvuke wake, kipimaulevi kilikuwa kinaelea kwenye silinda ya kioo na mstari umesimama kwenye 96.5. Vitabuni nilikuwa nimesoma kwamba ethanoli na maji haviachani kwa kukeneka baada ya asilimia 95.6. Mimi nilikuwa na mnara mrefu uliojazwa pete ndogo za kioo, nimerudisha sehemu kubwa ya matone juu ya mnara kwa saa nyingi, na sasa nilikuwa na namba kubwa kuliko ya kitabu. Nikamwita mwenzangu aje aone.

Akaniuliza swali moja tu: hiyo 96.5 ni ya ujazo au ya uzito?

Kipimaulevi husoma ujazo. Ile 95.6 ya vitabu ni ya uzito, na kwa ujazo ni kama 97.2. Kwa hiyo sikuwa nimevuka kitu. Hata ukutani kwenyewe nilikuwa sijafika. Namwambia hivi kila mtu anayeanza kazi hii: kabla hujabishana kuhusu asilimia, taja ni asilimia ya nini. Kuna ya tatu pia, ya hesabu ya molekuli, na ndiyo inayofaa tukitaka kuelewa kinachotokea. Gramu 95.6 za ethanoli ukizigawa kwa 46 unapata kama moli 2.08, gramu 4.4 za maji ukizigawa kwa 18 unapata moli 0.244. Yaani katika kila molekuli 1000 kuna kama 894 za ethanoli na 106 za maji. Mchanganyiko huo huchemka kwenye nyuzi 78.15, chini kidogo ya ethanoli tupu inayochemka kwenye 78.3, na mvuke wake una uwiano uleule wa kimiminika. Ukiutonesha mara mia, unapata kilekile ulichoanza nacho.

Jambo hilo nililikubali kama lilivyo kwa miaka, mpaka nilipotakiwa kulieleza kwa wanafunzi. Nilianza vizuri. Nikachukua mililita 50 za ethanoli na mililita 50 za maji, nikamimina pamoja, na silinda ikasoma kati ya 96 na 97 badala ya 100. Nikawapa waishike: ilikuwa ya uvuguvugu. Kisha nikasema kwa kujiamini kwamba molekuli za ethanoli na maji hazipendi kukaa pamoja kama zinavyopenda kukaa na za aina yake, ndiyo maana zinatoroka kwenda kwenye mvuke kuliko inavyotarajiwa.

Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama zinakataana, mbona zimesogeleana na kutoa joto?"

Nilimwambia tutalizungumza kipindi kijacho. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Nilikaa na karatasi jioni ile. Nilianzia kwa Raoult, mkemia Mfaransa wa karne ya 19, ambaye kanuni yake ndiyo kipimo cha mchanganyiko ulio kamili: kila kiambato hutoa kanieneo ya mvuke kulingana na sehemu yake tu ya molekuli, kana kwamba majirani hawamhusu. Basi nikaijaribu kwenye azeotropu yenyewe. Kwenye nyuzi 78.15, ethanoli tupu ina kanieneo ya mvuke ya kama milimita 755 za zebaki, na maji matupu kama 329. Ethanoli ingechangia 0.894 mara 755, yaani 675. Maji yangechangia 0.106 mara 329, yaani 35. Jumla 710.

Lakini mchanganyiko ule unachemka, maana yake kanieneo yake ni sawa na ya hewa, 760. Hizo 50 za ziada zimetoka wapi? Mvuke una uwiano wa kimiminika, kwa hiyo sehemu ya maji katika 760 ni 0.106 yake, yaani kama 80. Maji yaliyopaswa kutoa 35 yanatoa 80. Ethanoli inatoa kama 680, karibu sana na ile 675 ya Raoult. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho michoro ya vitabu ilikuwa imenifichia: kwenye azeotropu anayevunja kanuni ni maji. Ethanoli imetulia, imezungukwa na ndugu zake. Maji machache yaliyobaki yanatoroka kana kwamba ni mengi mara 2.3 kuliko yalivyo.

Na hiyo 2.3 si namba ya bahati. Gawa 755 kwa 329: ni 2.3 ileile. Ethanoli ina haraka ya kupanda mara 2.3 kuliko maji, na mpaka maji yenyewe yapewe msukumo wa mara 2.3, mbio zinakuwa sare. Mbio zikiwa sare hakuna kutenganisha. Nilipoliona hilo nilisimama, nikatembea chumbani kidogo, nikarudi kukaa.

Linaeleza pia kwa nini methanoli haisumbui. Methanoli na maji nazo huchepuka kutoka kwenye kanuni ya Raoult upande uleule, lakini methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7, na hapo kanieneo ya maji ni kama 185 tu. Ili kumfikia, maji yangehitaji msukumo wa mara nne, na katika methanoli hayaupati. Kwa hiyo mchepuko peke yake hautoshi kuzaa azeotropu. Unahitaji mchepuko na sehemu za kuchemka zilizokaribiana kiasi cha mchepuko kuziba pengo.

Lilibaki swali la kijana. Makosa yangu yalikuwa mawili. La kwanza, nililinganisha halijoto mbili tofauti. Joto tulilolihisi mkononi lilitoka kwenye mchanganyiko wa nusu kwa nusu, kwenye halijoto ya chumba. Ukipasha moto, joto linalotolewa na kuchanganya hupungua, na karibu na nyuzi 78, upande wenye ethanoli nyingi, kuchanganya hufyonza joto badala ya kulitoa. Ukifikiria molekuli moja ya maji inaeleweka: kati ya maji wenzake ina majirani kama wanne wa kushikana nao kwa bondi za hidrojeni. Mtupe huyo katikati ya ethanoli, kila jirani ana kichwa kimoja tu cha kushika na mkia wa kaboni mbili usioshika chochote. Hana wa kumzuia kama zamani, basi anaondoka.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Nilidhani joto pekee ndilo linaloamua nani atoroke. Kinachoamua ni nishati huru, ambayo ina pande mbili: joto, na uhuru wa molekuli kujipanga namna nyingi, yaani entropia. Kwenye halijoto ya chumba, maji yanayouzunguka mkia wa ethanoli hubaki na namna chache za kujipanga ili yasipoteze bondi zake. Kwa hiyo joto linatoka, ujazo unasinyaa, lakini uhuru unapotea zaidi ya ilivyofidiwa na hilo joto. Jumla yake bado ni kusukumana. Silinda iliyosinyaa haikuwa imetudanganya. Ilikuwa imejibu swali jingine.

Kipindi kilichofuata sikuanza na ukuta. Nilianza chini kabisa, mahali ambapo mchepuko ni rafiki. Nikawaandikia ubaoni kimiminika chenye molekuli 97 za ethanoli kwa kila 1000, ambacho kwa uzito ni kama asilimia 21. Kinachemka karibu na nyuzi 86.7. Nikawaacha wapige hesabu ya Raoult wenyewe, wakapata kwamba mvuke ungekuwa na ethanoli kama asilimia 20 ya molekuli. Kisha nikawaonyesha kilichopimwa: karibu asilimia 44. Huku chini ethanoli ndiyo mgeni aliyezungukwa na maji, na ndiyo inayosukumwa nje. Tone la kwanza linaruka mbali kuliko kanuni inavyoahidi.

Halafu tukapanda. Kimiminika cha asilimia 51 ya molekuli kinatoa mvuke wa 66. Cha 75 kinatoa 78. Hatua iliyokuwa ya zaidi ya 30 imekuwa ya 3, na kwenye 89.4 ni sifuri. Waliona wenyewe kwamba kinachobeba ethanoli haraka mwanzoni ndicho kinachobeba maji mwishoni. Yule kijana alisema taratibu, "Kumbe mgeni ndiye anayefukuzwa." Nimeiiba kauli hiyo na kuitumia tangu siku hiyo. Ina upungufu, kwani hakuna anayefukuza mtu, lakini inamweka mwanafunzi upande sahihi wa mchoro.

Mwingine akauliza kama mnara mrefu zaidi ungesaidia. Hapana. Kila hatua ya mnara ni kuchemka kumoja na kutonea kumoja, na hatua ya sifuri ukiirudia mara elfu ni sifuri. Mnara mbaya utakuachia njiani, kama wangu ulivyoniachia kwenye 96.5 ya ujazo. Mnara mzuri utakufikisha ukutani tu. Kupunguza kanieneo kunausogeza ukuta kuelekea ethanoli tupu, na chini ya kama milimita 70 za zebaki azeotropu hutoweka. Ila hapo ethanoli huchemka karibu na nyuzi 28, kondensa inahitaji ubaridi mkali, na hatua za karibu na mwisho ni fupi mno kiasi kwamba mnara unakuwa mkubwa kupita faida yake.

Mimi nilimaliza kazi yangu kwa kuacha kukeneka. Nilichukua chengachenga za zeolaiti zenye matundu ya angstromu 3, nikazipasha kwenye tanuri kwa nyuzi 300 usiku mzima, nikaziacha zipoe kwenye chombo kilichofungwa. Tundu hilo linaingia maji lakini haliingii ethanoli. La angstromu 4 halichagui vizuri hivyo. Mililita 100 za kilichotoka mnarani zina maji kama gramu 4 na nusu, na chengachenga hubeba takriban moja ya tano ya uzito wake, kwa hiyo niliweka gramu 30 ili ziwe na nafasi ya ziada. Nilifunga chupa nikaiacha hadi kesho yake.

Asubuhi niliweka kwenye neli mbili unga mweupe wa salfeti ya shaba isiyo na maji, ambao hugeuka buluu ukikutana na maji. Katika ya kwanza nilidondosha ethanoli iliyotoka moja kwa moja kwenye mnara, unga ukaanza kuwa buluu hafifu pembeni, kisha wote. Katika ya pili nilidondosha ile iliyolala na zeolaiti. Nilisubiri robo saa. Ulibaki mweupe.