Barua yangu ya pili ya kuomba mkopo wa cherehani

Barua ya kwanza niliijaza huruma: ada za watoto, kodi ya kibanda hapa Kisauni, na jinsi ambavyo cherehani mbili zaidi "zingebadilisha maisha". Niliomba laki moja kwa sababu laki ni namba rahisi kutamka. Afisa wa mikopo aliisoma, akaniuliza, "Mama, deni hili litalipwa na cherehani ulizonazo, au hizo ambazo hujanunua?" Sikuwa na jibu.

Nikarudi kwenye daftari la oda. Nilikuwa na cherehani mbili za kushona moja kwa moja, sina ovaloki. Kila sare ya shule niliyoshona, kingo zake nilizipeleka kwa jirani, naye akinitoza shilingi 20 kwa nguo. Kwa mwezi zilikuwa kama nguo 150, yaani Sh3,000 zikitoka tu. Na kila Januari, shule zinapofunguliwa, nilikuwa nikirudisha wateja bila kuwashonea. Mwaka ule nilikuwa nimewaandika: sare 38.

Barua ya pili ilianzia hapo. Nikataja kila cherehani kwa aina na bei yake, na nikaambatanisha karatasi ya bei kutoka dukani: ovaloki Sh34,000, ya kushona Sh29,000. Jumla 63,000. Nina akiba ya 13,000, naomba 50,000.

Kabla ya kuandika malipo niliuliza riba inahesabiwaje. Ilikuwa asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya pesa zote za mwanzo, hata ukishalipa nusu. (Uliza hilo, usione haya. Riba inayohesabiwa kwa deni lililobaki ni nafuu zaidi, ingawa asilimia ni ile ile.) Kwa miezi 12 riba ilifika 9,000, kwa hiyo kila mwezi ningelipa karibu Sh4,920.

Nikaandika hivi: "Sh3,000 zitatoka kwenye pesa ninazomlipa jirani sasa. Zilizobaki, kama Sh1,920, zitatoka kwenye faida yangu ya sasa, ambayo ni wastani wa Sh14,000 baada ya kodi, nyuzi na stima. Sare za Januari sikuzihesabu." Nikatia taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, kwa kuwa daftari kila mtu anaweza kujiandikia.

Afisa alikuja kibandani, akafungua daftari, akachagua oda tatu na kuzitafuta kwenye ile taarifa ya M-Pesa. Mbili alizipata. Ya tatu ilikuwa imelipwa taslimu, nikamwonyesha kipande cha risiti. Mkopo ukapita, na pesa zikalipwa moja kwa moja dukani.

Ovaloki ilianza kazi siku ile ile. Ile nyingine ilikaa wiki tatu imefunikwa kanga, kwa sababu nilikuwa nimehesabu kila kitu isipokuwa fundi wa kuikalia.