Nikatie mbili

Jana usiku tamthilia yetu ilirudiwa, na mpwa wangu akaniuliza, "Shangazi, mbona mmeanza na mwisho?" Si mwisho, nikamwambia. Ni robo tatu ya njia, na siku ile mezani pa waandishi tulibishana sana kuhusu robo hiyo.

Rasimu iliyokuwa mbele yetu ilifungua na bi harusi analia ukumbini: "Siolewi tena, nimejua siri yake!" Kelele ilikuwepo, lakini jibu lilishatoka. Mtazamaji angekaa dakika ishirini kusubiri jambo analolijua. Tukaisoma sehemu nzima kwa mpangilio wake, tukitafuta mahali ambapo jambo lisilorudishika limeshatendeka ila sababu yake haijasemwa. Tukapapata kwenye kivuko cha Kigamboni. Bi harusi yuko dirishani pa tiketi, gauni limeloa matope, viatu mkononi. Anasema, "Nikatie mbili." Mkata tiketi anatazama nyuma yake. Hatuoni anachokiona. Hapo jina la tamthilia linaingia, kisha maandishi: Siku mbili kabla.

Nusu ukurasa tu, kama nusu dakika hewani. Lakini swali limeshageuka. Hatuulizi tena kama ataolewa. Tunauliza anakimbia na nani. Kwa hiyo kila kijana anayempa bi harusi maji kwenye maandalizi anatiliwa shaka, na onyesho la kupima gauni, lililokuwa limepooza, likapata uhai bila kuongezewa hata neno.

Tiketi ya pili ni ya mama mkwe. Ndiyo maana ilibidi aonekane mapema, mara tatu, akihangaika na sahani na wageni kama mama mkwe yeyote. Asingeonekana, watu wangesema tumewadanganya.

Kila kitu kinachoonekana kwenye ufunguzi ni deni. Matope yalitulazimu kuandika mvua. Viatu vilitudai onyesho la kuruka ukuta wa uani. Pindo lililochanika tulilifuta, maana hatukuwa na dakika ya kulichana.

Hadithi ilipofika tena kivukoni, hatukurudia yote. Kamera ya kwanza ilikaa usoni. Ya pili ilikaa nyuma ya mama mkwe, na maneno yakabaki yale yale mawili. Vyote vilipigwa siku moja, gauni lile lile, kabla matope hayajakauka.

Mwongozaji alitaka machozi kwenye ufunguzi. Mimi nikasema mwanamke huyu ameshaamua, na akilia mwanzoni kisha akawa mkavu baadaye, mtazamaji atajua onyesho limepigwa upya. Mhariri akachagua uso mkavu. Mpaka leo mwongozaji anashikilia kwamba machozi yangevuta watu wengi zaidi, nami sina takwimu ya kumbishia.