Ndoo ya asubuhi na nyuzi 26

Julai, Nairobi. Usiku baridi imeshuka hadi kama nyuzi 12, na simtangi juu ya paa haina blanketi. Maji yanayotoka bombani alfajiri hii yana nyuzi 16. Ndani ya tangi la samaki sebuleni kipimajoto kinasoma 26. Kati ya namba hizo mbili kuna ndoo moja ya kubadilishia maji ya tangi, na ndoo hiyo huweza kuua samaki wa mapambo upesi kuliko hita mbovu.

Swali linaloulizwa sana ni joto gani linafaa. Jibu lake ni jepesi. Samaki wengi wa kitropiki wanaouzwa madukani, yaani gapi, moli, tetra na hata sichlidi wetu wa Ziwa Tanganyika, wanaishi vizuri kati ya nyuzi 24 na 27. Diskasi wa Amazoni anataka zaidi, 28 hadi 30. Samaki wa dhahabu si wa kitropiki hata kidogo. Yeye hupenda 18 hadi 22, na kumweka tangi moja na diskasi ni kumtesa mmojawapo. Basi. Swali linalonishughulisha ni jingine: joto linabadilika kwa kasi gani?

Samaki hana joto lake mwenyewe. Maji yakiwa 26, damu yake ni 26, moyo wake pia. Kila kazi ya mwili, kuanzia kusaga chakula hadi kupigana na vijidudu, imepangwa kulingana na joto alilolizoea, na kuipanga upya huchukua siku, si dakika. Ukimshusha nyuzi 5 ghafla, moyo na mapigo ya matamvua hupungua kasi na kinga huzorota. Ukimpandisha ghafla, mwili hudai oksijeni zaidi wakati uleule maji yanapoishiwa nayo: lita moja ya maji ya nyuzi 20 hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni, na ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Ndiyo maana samaki aliyepashwa joto ghafla hupanda juu kuhema, na aliyepozwa huzama chini akafunga mapezi.

Sasa hesabu ya ndoo, maana hapa ndipo mambo yanapoonekana. Chukua tangi la lita 60 lenye nyuzi 26. Unatoa lita 15, yaani robo, unarudisha lita 15 za maji ya nyuzi 16. Zidisha 45 kwa 26, ongeza 15 mara 16, gawanya kwa 60: unapata 23.5. Umeshusha nyuzi 2.5 kwa muda wa kumimina ndoo. Wenye haraka hubadilisha nusu ya maji, lita 30, "ili tangi liwe safi kabisa". Hao hufika 21, wameshusha nyuzi 5.

Linganisha na hita. Hita ya wati 60 katika tangi hilohilo huhitaji dakika 70 hivi kupandisha nyuzi 1, hata kama hakuna joto linalopotea. Kwa hiyo hita ya saizi inayofaa, kama wati 1 kwa kila lita, haiwezi kumshtua samaki hata ikitaka. (Ikikwama na kuwaka bila kukoma ni balaa, lakini balaa la polepole, linaloonekana kwenye kipimajoto kabla halijafika.) Vilevile tangi kupoa nyuzi 1 au 2 usiku na kupanda tena mchana si tatizo. Hata ziwani maji ya ufukweni hufanya hivyo.

Dawa ya ndoo ni maji ya moto, na kiasi chake kinakokotoleka. Kupandisha lita 15 kutoka 16 hadi 26 ni nyuzi 10, na 15 mara 10 ni 150. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 na zaidi, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Toa 16 kwenye 94, unabaki na 78. Gawanya 150 kwa 78: chini kidogo ya lita 2. Basi weka lita 13 za maji baridi ndani ya ndoo kwanza, kisha ongeza lita 2 zilizochemka kutoka birikani kidogo kidogo, ukikoroga. Pima kwa kipimajoto kilekile unachotumia kwenye tangi, kwa sababu viwili vya bei rahisi hutofautiana hata kwa nyuzi 2, na hapo umejidanganya mwenyewe. Usiamini mkono. Mkono uliotoka kwenye baridi huona maji ya nyuzi 22 kuwa vuguvugu.

Ndoo na tangi zikitofautiana kwa nyuzi 1, mimina. Zikitofautiana zaidi, rekebisha ndoo, usirekebishe tangi. Maji yaliyochemka hayaingizwi tangini moja kwa moja hata kikombe kimoja. Maji ya bomba yanahitaji pia dawa ya kuondoa klorini. Iweke ndoo ikishafika joto lake. Na hita izimwe robo saa kabla ya kupunguza maji: kioo chake kikibaki nje ya maji kikiwa moto, kisha kikaguswa na maji mapya, hupasuka.

Pwani hadithi inageuka. Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari tangi hupita 30 bila hita yoyote, na mtu hukimbilia chupa ya barafu. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka yote katika lita 60 hushusha karibu nyuzi 2. Si nyingi, ila katika tangi la lita 20 chupa ileile hushusha zaidi ya nyuzi 5. Mimi napendelea feni ndogo inayopuliza juu ya maji na pampu ya hewa inayotikisa uso wake. Mvuke huondoka na joto polepole, oksijeni inaingia. Maji yatapungua haraka, basi ongeza kila siku.

Kama kosa limeshatokea, kwa mfano tangi limefika 20 baada ya umeme kukatika usiku kucha, kishawishi ni kulirudisha 26 papo hapo. Acha. Pandisha nyuzi 1 kwa saa, zima taa, usilishe siku hiyo, maana tumbo lililopoa halisagi chakula vizuri nacho kitaozea majini. Umeme ukikatika tena, funika pande za tangi kwa blanketi, lakini acha nafasi juu hewa ipite.

Kisha subiri, kwa sababu samaki huyu akionekana mzima jioni bado hajapona. Tazama kwa wiki moja. Akijikwaruza kwenye mawe, na siku chache baadaye vidoa vyeupe kama punje za chumvi vikatokea mapezini, huo ni ugonjwa wa madoa meupe. Kijidudu chake huingia kupitia mlango ambao baridi iliuacha wazi. Mwenye tangi husema ugonjwa umeanza leo, na ndoo ya Jumamosi iliyopita haimjii akilini.