Jinsi nilivyounganisha dodoso na mahojiano katika utafiti wa patografu

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili ulihusu patografu, ile karatasi ambayo mkunga huandikia maendeleo ya uchungu: kufunguka kwa mlango wa kizazi, mikazo, hali ya mama, na mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa. Wanaofanya kazi wodi ya kujifungulia wanajua kwamba baadhi ya karatasi hizo hujazwa mtoto akishazaliwa. Anayezipitia kwa makini huzitambua, kwa sababu nukta zimepangana kwa nusu saa kamili bila kuchelewa hata mara moja, mapigo ya moyo hayapandi wala kushuka, na mwandiko umetulia kuliko zamu yenyewe ilivyokuwa. Nilitaka kujua wakunga wangapi hufanya hivyo, na kwa nini. Dodoso lingejibu swali la kwanza, lakini kuhusu la pili lingenirudishia tu sababu nilizoziorodhesha mwenyewe.

Nilichagua muundo wa hatua mbili, dodoso likitangulia na mahojiano yakifuata ili kufafanua matokeo yake. Kukusanya vyote kwa wakati mmoja na kulinganisha mwishoni kungeniokolea muda, ila nisingejua nimhoji nani.

Dodoso lilipima maarifa ya patografu, na likauliza ni mara ngapi katika zamu ya kawaida mkunga huijaza uchungu ukiwa bado unaendelea. Nilipoweka majibu hayo mawili pamoja nilipata makundi manne: wanaojua na kujaza kwa wakati, wanaojua lakini hujaza baadaye, wasiojua vizuri lakini hujaza kwa wakati, na wasiojua wala kujaza kwa wakati. Kundi la pili ndilo lililonishughulisha zaidi, kwa kuwa mafunzo ya ziada, ambayo ndiyo mapendekezo ya kawaida ya tafiti zetu, hayawezi kumsaidia mtu ambaye tayari anajua.

Ili niwafikie watu wa kundi hilo, ilibidi nijue dodoso lipi ni la nani bila kuvunja usiri. Kila dodoso lilikuwa na namba badala ya jina, na aliyekuwa tayari kuhojiwa aliandika namba hiyo pamoja na simu yake kwenye karatasi nyingine, iliyofungiwa kabati tofauti. Hili linapaswa kuelezwa katika ombi la kibali cha maadili tangu mwanzo, kwa sababu dodoso likishakusanywa bila namba haliwezi tena kuunganishwa na mtu yeyote. Mwongozo wa mahojiano niliutunga baada ya kuchambua dodoso, nikauwasilisha kwa kamati kama marekebisho kabla ya kuanza kuhoji.

Niliwahoji watatu au wanne kutoka kila kundi, nikihakikisha kwamba wodi ileile inawakilishwa na wanaojaza kwa wakati na wasiojaza. Sikumuuliza mtu kwa nini hajazi, maana swali hilo humfanya ajitetee. Nilimwomba anisimulie zamu yake ya mwisho ya usiku, tangu kupokea wodi hadi kuikabidhi, nami nikawa nauliza katika kila hatua karatasi ilikuwa wapi na nani aliyeitazama.

Uunganishaji wenyewe niliufanya kwenye jedwali. Safu ya kwanza ilibeba tokeo la dodoso, ya pili maneno ya waliohojiwa, na ya tatu nilichoelewa vilipokaa pamoja. Safu ya tatu ndiyo kazi ngumu, na tasnifu nyingi huiacha tupu kwa kuandika sura moja ya takwimu, sura nyingine ya masimulizi, bila daraja kati yake.

Katika mstari mmoja, vyanzo viwili havikukubaliana. Kwenye dodoso, sababu iliyochaguliwa zaidi ilikuwa uhaba wa wakunga. Lakini waliojaza kwa wakati walifanya kazi katika uhaba uleule, na masimulizi yao yalitofautiana na ya wenzao katika jambo moja: wakati wa makabidhiano, mkunga anayeingia aliiomba karatasi na kuisoma kabla ya kumpokea mama. Wengine walisimulia makabidhiano ya mdomo tu, ambapo karatasi hukumbukwa faili linapohitajika, hasa kifo kinapojadiliwa. Sikuchukua upande mmoja na kuutupa mwingine. Niliandika kwamba uhaba hueleza kwa nini kujaza ni kugumu, na makabidhiano hueleza kwa nini baadhi hujaza pamoja na ugumu huo.

Dodoso langu halikuuliza lolote kuhusu makabidhiano, na watu wachache niliowahoji hawawezi kuonyesha desturi hiyo imeenea kiasi gani, kwa hiyo sikuandika asilimia yoyote kutokana na mahojiano. Nililigeuza jambo hilo kuwa swali la dodoso kwa utafiti utakaofuata: katika zamu yako iliyopita, je, aliyekupokea wodi aliisoma patografu mbele yako?