Nililipa nusu ya miezi, deni halikufika nusu

Nilikopa milioni 6 kwa miezi 24, riba asilimia 18 kwa mwaka, niongeze mzigo wa vitenge dukani Kariakoo. Rejesho lilikuwa shilingi 299,544 kila mwezi. Nilipomaliza mwezi wa 12, shemeji akanishauri: "Umeshalipa nusu, dada. Peleka milioni 3 umalize." Nikahangaika, nikazipata. Dirishani nikaambiwa nadaiwa 3,267,000 na ushee. Nilirudi na hela zangu nikiwa nimefura, nikiamini nimeibiwa.

Usiku ule nilikaa na kaunta buku na kikokotoo cha simu. Kwanza nikagawa milioni 6 kwa 24, nikapata 250,000. Riba ya asilimia 18 kwa mwaka ni asilimia 1.5 kwa mwezi, yaani 90,000 ya milioni 6. Jumla 340,000. Mbona mimi nalipa 299,544? Nilirudia mara tatu nzima, chai ikapoa. Kumbe nilikuwa natoza riba ya milioni 6 kila mwezi, kana kwamba sijawahi kulipa hata senti. Wapo wanaokopesha hivyo, na kwa miezi 24 riba ingefika 2,160,000. Yangu ilikuwa riba ya salio linalopungua, na jumla yake ni kama 1,189,000. Asilimia ni ile ile 18, lakini tofauti inakaribia milioni. Ndiyo maana siku hizi mtu akinitajia asilimia tu, namuuliza inapigwa kwenye nini.

Basi nikaanza upya. Mwezi wa kwanza riba ni 90,000, kwa hiyo katika rejesho langu 209,544 tu ndiyo iliyopunguza deni. Likabaki 5,790,456. Mwezi wa pili nikapiga asilimia 1.5 ya hilo lililobaki: riba 86,857, deni likapungua kwa 212,687. Nikateremka hivyo mstari kwa mstari hadi wa 12, na salio likasoma 3,267,000 na ushee. Hesabu ya dirishani ilikuwa sahihi. Katika karibu milioni 3.6 niliyolipa, zaidi ya 860,000 ilikwenda kwenye riba, kwa sababu riba huwa kubwa mwanzoni, deni likiwa bado bichi.

Nikagundua na njia ya kukagua ratiba nzima haraka, ambayo najivunia mpaka leo. Chukua sehemu iliyopunguza deni mwezi mmoja, zidisha kwa 1.015, yaani moja jumlisha ile asilimia 1.5 ya mwezi, lazima upate ya mwezi unaofuata. 209,544 inazaa 212,687. Mstari usiotii hivyo kwa zaidi ya shilingi chache una kosa, au kuna ada imechomekwa humo. Mwenye kompyuta apate rejesho lenyewe kwa kuandika kwenye Excel `=PMT(1.5%,24,-6000000)`.

Wiki iliyofuata nilitafuta hiyo 267,000 iliyopungua, nikaenda kufunga mkopo. Riba ya miezi 12 iliyobaki, kama 327,000, sikuilipa.